Faida ipo lakini benki ni tupu: kuchunguza taarifa ya mtiririko wa fedha ya duka la leso

Mwezi wa Aprili 2025, mama mmoja mwenye duka la jumla la leso na vitambaa katika Barabara ya Biashara, Mombasa, alinijia na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa taarifa ya faida na hasara ya mwaka uliokwisha tarehe 31 Desemba 2024, na chini yake iliandikwa faida kabla ya kodi ya shilingi 4,800,000. Ya pili ilikuwa taarifa ya benki ya siku hiyohiyo, iliyoonyesha kwamba akaunti ilikuwa imeingia ovadrafti kwa shilingi 920,000, ilhali mwaka ulipoanza ilikuwa na akiba ya shilingi 1,500,000.

“Mwanangu,” aliniuliza, “hizo milioni nne na ushei ziko wapi?”

“Nyingine ziko ghalani, mama,” nilimjibu, “na nyingine ziko Malindi na Lamu kwa wateja wako.”

Jibu hilo lilikuwa kweli, ila halikutosha, kwa sababu karani wake alikuwa ameandaa pia taarifa ya mtiririko wa fedha ambayo ilipaswa kujibu swali hilo mstari kwa mstari, na jumla yake ya mwisho ilikuwa sahihi kabisa, lakini sehemu zake zote tatu zilikuwa na makosa. Nitaipitia hapa kwa mpangilio wa dalili na visababishi, nikitumia hesabu za duka hilo, ambazo nimezikadiria hadi elfu ya karibu na kuzibadilisha kidogo ili mwenyewe asitambulike.

Kwanza tukubaliane juu ya majina. Shughuli za uendeshaji ni zile zinazoleta mapato ya kila siku ya biashara: kuuza leso, kulipa wauzaji wa vitambaa, mishahara, kodi ya pango na kodi ya mapato. Shughuli za uwekezaji ni kununua na kuuza mali ya kudumu na vitega uchumi. Shughuli za ugharamiaji ni zile zinazobadilisha ukubwa wa mtaji wa wenye kampuni na wa mikopo ya kampuni: kutoa hisa, kukopa, kurejesha mkopo na kulipa gawio. Kiwango cha kimataifa kinachosimamia mgawanyo huu ni IAS 7, na biashara ndogo na za kati zina kiwango chao ambacho sehemu yake ya 7 inafuata mgawanyo uleule.

Dalili ya kwanza: faida ni kubwa, lakini fedha za uendeshaji ni kidogo au ni hasi

Kisababishi cha msingi si kosa la mtu. Faida hupimwa kwa msingi wa malimbikizo, maana yake ni kwamba mauzo huandikwa siku mteja anapokabidhiwa mali, hata kama atalipa baada ya miezi mitatu, na gharama ya leso huingizwa katika hesabu ya faida siku leso hiyo inapouzwa, hata kama muuzaji wa ng'ambo alilipwa nusu mwaka kabla. Benki haijui lolote kati ya hayo, kwani yenyewe inajua tu siku fedha zilipoingia na siku zilipotoka. Kwa hiyo kazi ya sehemu ya uendeshaji, kwa njia isiyo ya moja kwa moja ambayo wahasibu wengi hapa wanaitumia, ni kuanza na faida na kuirudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka ibaki fedha peke yake.

Katika duka hili tulianza na 4,800,000. Tuliongeza uchakavu wa 900,000, kwa kuwa uliipunguza faida bila kutoa hata senti moja benki katika mwaka huo. Tuliondoa 150,000, ambayo ni faida iliyopatikana kwa kuuza pikapu ya zamani, kwa sababu fedha zote za pikapu hiyo, shilingi 450,000, ni za sehemu ya uwekezaji, na tukiiacha faida hiyo hapa tutakuwa tumeihesabu mara mbili. Tulirudisha pia gharama ya riba ya 600,000, ili riba iliyolipwa ionyeshwe kwenye mstari wake. Tukafika 6,150,000, na hadi hapo mwenye duka alikuwa bado anatabasamu.

Mambo mawili ndiyo yaliyoimeza karibu yote. Madeni ya wateja yalipanda kutoka 3,100,000 hadi 5,900,000, yaani ongezeko la 2,800,000 ambalo limo ndani ya mauzo na faida lakini halijafika benki. Bidhaa zilizo ghalani zilipanda kutoka 4,000,000 hadi 7,300,000, yaani 3,300,000 zilizotumika kununua mali ambayo haikuwa imeuzwa na kwa hiyo haikuwa imeigusa faida. Zikibaki 50,000 tu, tunaongeza 300,000 kwa kuwa madeni yetu kwa wauzaji wa vitambaa yaliongezeka kwa kiasi hicho, na tunapata 350,000 zilizozalishwa na biashara kabla ya riba na kodi.

Wengi huishia hapo na kumwambia mteja kwamba fedha zimekwama kwa wateja na ghalani. Mimi naona kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu ongezeko hili na lile hazina tabia moja, na mtu akizichanganya atatoa ushauri usiofaa.

Tuchukue ghala kwanza. Kontena la leso lilipita bandari ya Kilindini wiki ya pili ya Desemba, na gharama yake pamoja na ushuru wa forodha ilikuwa shilingi 2,900,000. Ushuru hulipwa kabla mzigo haujatolewa bandarini, na muuzaji alikuwa ameshapokea malipo yake yote kabla ya meli kutia nanga, kwa hiyo fedha zote zilitoka ndani ya mwaka 2024. Leso hizo ziliagizwa kwa ajili ya Ramadhani, iliyoanza mwanzoni mwa Machi 2025, na kwa ajili ya Idi iliyofuata mwisho wa mwezi huohuo. Tarehe 31 Desemba ni siku mbaya kabisa ya kulipiga picha duka la aina hii, maana ghala limejaa na droo ni tupu. Niliomba daftari la mauzo la Februari na Machi, nikakuta robota chache tu za kontena hilo zikiwa zimebaki. Hilo ni suala la majira, na dawa yake ni kupanga ovadrafti mapema na benki, si kupunguza kuagiza. Zile 400,000 zilizosalia katika ongezeko la ghala ni vitambaa vya suti visivyotembea, na hivyo ndivyo vinavyostahili kuangaliwa kama bado vinaweza kuuzwa kwa bei isiyopungua gharama yake.

Madeni ya wateja ni habari nyingine. Mauzo kwa mkopo, yakihesabiwa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ili yalingane na madeni ambayo nayo yana kodi hiyo ndani yake, yalikuwa 31,000,000 mwaka 2023 na 36,000,000 mwaka 2024. Madeni ya mwisho wa 2023 yalikuwa sehemu moja kwa kumi ya mauzo hayo, sawa na takriban siku 37. Kama kasi ya ukusanyaji isingebadilika, madeni ya mwisho wa 2024 yangekuwa 3,600,000, na ongezeko lingekuwa 500,000 tu. Hiyo ndiyo sehemu iliyoletwa na kukua kwa biashara, na haina ubaya. Shilingi 2,300,000 zilizobaki zimetokana na wateja kuchelewa, kwani muda wa kulipa ulirefuka hadi siku 60. Tulipofungua leja ya kila mteja, tuliona kwamba sehemu kubwa ni ya maduka manne, mawili ya Malindi na mawili ya Lamu, ambayo yaliendelea kupelekewa mizigo mipya huku ankara za Agosti zikiwa hazijalipwa. Hakuna mstari wowote katika taarifa ya faida unaoweza kuonyesha jambo hilo, kwa sababu kwa msingi wa malimbikizo mauzo kwa mteja mwema na kwa mteja mzito huonekana sawa mpaka siku tengo la madeni mabaya, yaani kiasi kinachotengwa kwa madeni yanayohofiwa kutolipwa, linapowekwa.

Nikigusia tengo hilo, kuna kosa dogo linalojirudia. Ukitumia madeni ya wateja baada ya kutoa tengo, usilirudishe tena ongezeko la tengo kwenye mstari wake peke yake, kwa kuwa tayari limo katika badiliko la madeni. Ukitumia madeni ghafi, basi lirudishe. Chagua njia moja na uishikilie mpaka mwisho.

Jambo la mwisho katika dalili hii ni imani kwamba uchakavu ni chanzo cha fedha, ambayo nimeisikia hata kwa watu wenye vyeti. Jaribio lake ni jepesi. Chukulia kwamba duka lilikisia uchakavu wa 1,900,000 badala ya 900,000. Faida itashuka hadi 3,800,000, na tutaongeza 1,900,000 badala ya 900,000, kwa hiyo jumla itabaki vilevile. Hata kodi ya mapato haitabadilika, kwa sababu sheria ya kodi ya Kenya haitambui uchakavu wa vitabuni bali ina posho zake yenyewe za uwekezaji. Uchakavu unarudishwa kwa kuwa uliondolewa bila fedha kutoka, wala hauleti fedha yoyote.

Dalili ya pili: jumla inalingana na benki, lakini mwenye biashara haitambui hadithi inayosimuliwa

Hii ndiyo dalili ya hatari zaidi, kwa sababu kila mtu hupumua akiona jumla imelingana. Taarifa ya karani ilionyesha kwamba kampuni ilitumia 4,200,000 kununua mali ya kudumu na kwamba ilipokea mkopo wa 2,500,000. Mwenye duka aliisoma akatikisa kichwa: “Mimi sijapata kupokea milioni mbili na nusu mkononi wala benki.” Naye alikuwa na haki.

Kilichotokea ni hiki. Mwezi wa Juni kampuni ilinunua lori la shilingi 3,500,000. Ililipa 1,000,000 kutoka akaunti yake, na benki ikamlipa muuzaji wa lori 2,500,000 moja kwa moja. Fedha hizo hazikupita katika akaunti ya kampuni hata kwa dakika moja. Muamala wa namna hiyo, ambao mali na deni huongezeka pamoja bila fedha kuingia wala kutoka, hautakiwi kuonekana katika taarifa ya mtiririko wa fedha, bali huelezwa katika maelezo ya hesabu. Kinachoingia kwenye uwekezaji ni 1,000,000 tu, na kinachoingia kwenye ugharamiaji ni marejesho ya mkopo yaliyolipwa baadaye, yaani shilingi 500,000 za deni la msingi.

Kosa la pili lilijificha zaidi. Fundi alitengeneza rafu mpya za ghala kwa shilingi 700,000, akalipwa 300,000, na 400,000 zilizobaki zikaandikwa katika leja ya wauzaji wanaotudai, pamoja na wauzaji wa vitambaa. Karani alichukua ongezeko lote la leja hiyo, kutoka 2,200,000 hadi 2,900,000, akaongeza 700,000 katika uendeshaji, kisha akaandika gharama yote ya rafu katika uwekezaji. Deni la rafu si deni la uendeshaji. Ni lazima litolewe katika badiliko la wadai, libaki 300,000, na ununuzi wa rafu uandikwe kwa kiasi kilicholipwa.

Hapa chini nimeziweka taarifa zote mbili pamoja. Takwimu ni elfu za shilingi, na mabano yanaonyesha fedha zinazotoka au kiasi kinachopunguzwa.

| Mstari | Ya karani | Iliyosahihishwa |
|---|---|---|
| Faida kabla ya kodi | 4,800 | 4,800 |
| Uchakavu | 900 | 900 |
| Faida ya kuuza pikapu | (150) | (150) |
| Gharama ya riba | 600 | 600 |
| Ongezeko la madeni ya wateja | (2,800) | (2,800) |
| Ongezeko la bidhaa ghalani | (3,300) | (3,300) |
| Ongezeko la wadai | 700 | 300 |
| Riba iliyolipwa | (550) | (550) |
| Kodi ya mapato iliyolipwa | (1,100) | (1,100) |
| Uendeshaji | (900) | (1,300) |
| Ununuzi wa lori na rafu | (4,200) | (1,300) |
| Mauzo ya pikapu | 450 | 450 |
| Uwekezaji | (3,750) | (850) |
| Mkopo wa lori uliopokelewa | 2,500 | – |
| Mkopo kutoka kwa mkurugenzi | 800 | 800 |
| Marejesho ya mkopo wa lori | (500) | (500) |
| Gawio lililolipwa | (600) | (600) |
| Ugharamiaji | 2,200 | (300) |
| Badiliko la fedha | (2,450) | (2,450) |
| Fedha mwanzo wa mwaka | 1,650 | 1,650 |
| Fedha mwisho wa mwaka | (800) | (800) |

Linganisha hadithi zenyewe. Ya karani inasema kwamba kampuni iliwekeza kwa nguvu na benki ikaisaidia, na kwamba uendeshaji ulipungukiwa na 900,000. Iliyosahihishwa inasema kwamba uwekezaji uligharimu fedha kidogo, ugharamiaji haukuleta chochote kwa jumla, na uendeshaji wenyewe ndio uliomaliza 1,300,000. Afisa wa mikopo akisoma ya kwanza atadhani tatizo ni lori, na akisoma ya pili ataulizia Malindi na Lamu.

Kwa nini jumla haikufichua kosa? Kwa sababu kila kosa lilikuwa na pande mbili zinazofutana: 2,500,000 ziliongezwa katika ugharamiaji na kupunguzwa katika uwekezaji, na 400,000 ziliongezwa katika uendeshaji na kupunguzwa katika uwekezaji. Makosa ya uainishaji hayawezi kuonekana kwenye jumla kwa asili yake. Njia pekee ninayoiamini ni kuchukua kila mstari wa uwekezaji na wa ugharamiaji, ambayo kwa kawaida ni michache, na kuitafutia tarehe na kiasi chake katika taarifa ya benki. Mstari ambao haupatikani benki una maelezo mawili tu: ama ulilipwa kwa fedha za mkononi na stakabadhi ipo, ama haukupaswa kuwepo. Kazi hii katika duka hili ilichukua chini ya saa moja, na mkopo wa 2,500,000 ulijifichua wenyewe katika dakika kumi za kwanza.

Kwa mali ya kudumu, tengeneza pia mnyororo wa thamani yake vitabuni: 5,200,000 za mwanzo, ongeza ununuzi wa 4,200,000, toa pikapu yenye thamani ya 300,000, toa uchakavu wa 900,000, ufike 8,200,000 za mwisho. Mnyororo huu hutumia gharama yote ya lori na rafu, na ndipo karani alipoitoa ile 4,200,000. Hakukosea hesabu, ila alisahau kwamba mnyororo unaonyesha kilichonunuliwa, ilhali taarifa inataka kilicholipwa.

Dalili ya tatu: jumla hailingani na fedha zilizopo

Dalili hii huwatisha watu kuliko zote, na mimi naiona kuwa rahisi zaidi, kwa kuwa tofauti yenyewe hukuonyesha njia. Igawe kwa mbili kwanza. Tofauti ikiwa 6,600,000, nusu yake ni 3,300,000, nalo ni ongezeko la ghala lililojumlishwa badala ya kutolewa. Ikiwa 300,000, nusu yake ni faida ya pikapu iliyoongezwa mahali pa kutolewa. Kupanda kwa mali inayotumia fedha hutolewa, na kupanda kwa deni la uendeshaji huongezwa, lakini ukiwa umechoka saa tatu usiku alama hizo hubadilika zenyewe.

Tofauti isipopatikana kwa kugawa, angalia mistari ambayo gharama na malipo ni vitu viwili. Kodi ya mapato katika taarifa ya faida ilikuwa 1,440,000, lakini deni la kodi lilianza mwaka likiwa 260,000 na kuumaliza likiwa 600,000, kwa hiyo iliyolipwa ni 260,000 kuongeza 1,440,000 kutoa 600,000, yaani 1,100,000. Aliyeandika 1,440,000 ataona tofauti ya 340,000. Riba ni vivyo hivyo: gharama ni 600,000, iliyolipwa ni 550,000, na 50,000 za Desemba zimo katika akaunti yake ya riba inayodaiwa. Tofauti ya 50,000 kamili katika duka hili ingenipeleka huko moja kwa moja kabla sijagusa kitu kingine.

Tofauti inayogawanyika kwa tisa bila kubaki kitu huashiria tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi wakati wa kunakili, kama vile 590 kuandikwa 950. Si uthibitisho, ila ni sababu nzuri ya kurudia kunakili.

Kisha kuna tofauti inayotokana na kutojua fedha ni nini. Karani alipolinganisha mara ya kwanza alipata hasi 800,000 huku benki ikisema hasi 920,000, akaitafuta ile 120,000 siku nzima katika leja za wateja. Ilikuwa katika salio la M-Pesa la duka, shilingi 90,000, na katika sanduku la fedha, shilingi 30,000. Mwanzoni mwa mwaka pia benki ilikuwa na 1,500,000, lakini fedha zote zilikuwa 1,650,000. Simu ya duka na sanduku la kaunta ni fedha kama benki ilivyo, na kuhamisha kutoka kimoja kwenda kingine si mtiririko wa fedha, hivyo hakuandikwi popote.

Dalili ya nne: wahasibu wawili wameandaa taarifa sahihi zenye uendeshaji tofauti

Hapa huenda hakuna aliyekosea. Ovadrafti ni mfano wa kwanza. Mkopo wa benki ni ugharamiaji, lakini ovadrafti inayoweza kudaiwa na benki wakati wowote, na ambayo ni sehemu ya namna kampuni inavyoendesha fedha zake za kila siku, huweza kuhesabiwa ndani ya fedha zenyewe. Ishara kubwa ni salio linalopanda na kushuka mara kwa mara kati ya chanya na hasi, na la duka hili lilivuka sifuri mara kumi na moja mwaka huo. Akaunti iliyokaa hasi mwaka mzima bila kurudi juu ni mkopo uliojivika nguo za ovadrafti, na mimi ningeipeleka katika ugharamiaji bila kusita.

Riba ndiyo mfano wa pili. IAS 7, jinsi inavyotumika hadi mwisho wa 2026, inairuhusu kampuni isiyo taasisi ya fedha kuiweka riba iliyolipwa katika uendeshaji au katika ugharamiaji, mradi isibadilike mwaka hadi mwaka. Mhasibu ambaye angeihamishia 550,000 katika ugharamiaji angepata uendeshaji wa hasi 750,000 badala ya hasi 1,300,000, na wote wawili wangekuwa ndani ya kanuni. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha maduka mawili, au mwaka huu na uliopita baada ya kubadilisha mhasibu, soma sera ya uhasibu iliyoandikwa katika maelezo.

Kwa kampuni zinazofuata viwango kamili vya kimataifa, uhuru huo unakwisha. IFRS 18, inayoanza kutumika kwa miaka ya hesabu inayoanza tarehe 1 Januari 2027 au baada yake, imeirekebisha IAS 7 ili riba na gawio zinazolipwa ziwe ugharamiaji kwa kampuni za biashara za kawaida, na taarifa ianzie kwenye faida ya uendeshaji badala ya faida nyingine yoyote. Kwa kuwa kanuni inarudi nyuma, takwimu za 2026 zitakazokaa pembeni kwa ulinganisho zitapangwa upya pia, na mwenye mkataba wa mkopo unaopima fedha za uendeshaji anapaswa kuzungumza na benki kabla ya kipimo hicho kuhama chini ya miguu yake. Duka letu linatumia kiwango cha biashara ndogo na za kati, ambacho bado kinaruhusu kuchagua, na tumeiacha riba katika uendeshaji kama ilivyokuwa mwaka 2023.

Gawio la 600,000 tuliliacha katika ugharamiaji. Mwenye duka aliliangalia, kisha akauangalia mkopo wa 800,000 ambao kakake, mkurugenzi mwenzake, aliukopesha kampuni mwezi wa Novemba, akaniuliza kama ni kweli kwamba walijilipa gawio mwezi wa Julai kisha wakairudishia kampuni fedha zilezile kwa jina la mkopo. Nilimwambia kwamba ndivyo vitabu vinavyosema, na kwamba tofauti ya 200,000 ndiyo pekee iliyokuwa fedha mpya.